Mayai Mawili Kila Siku

Mama mkwe alikuwa na kuku ishirini na wanne, na hicho ndicho kitu pekee alichokiita chake. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba yetu ya Rubona, kando ya ziwa, na kuku walikula machicha ya kiwanda cha bia yaliyochanganywa na mahindi. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania na diploma ya ualimu na kiburi chake. Juma la kwanza tu nikamwambia, "Mama, mali bila daftari hupotea bila habari." Akacheka. Jioni ile ile nikachora mistari: tarehe, kuku hai, mayai yaliyookotwa, yaliyovunjika, kuku waliokufa, na chini kabisa jumla ya juma.

Yeye hakujua kuandika. Kila yai aliloliokota alilichorea mstari wa mkaa ukutani, na maganda ya yaliyovunjika akayatia kwenye mkebe, ili baadaye ayakaushe, ayatwange na kuwarudishia kuku. Mimi ningehesabu kila jioni. Kwa siku mbili nilifanya hivyo. Kisha nikachoka, nisidanganye. Nikawa nahesabu Jumapili jioni tu, mistari na maganda kwa pamoja, halafu nagawanya kwa saba. Daftari likatoka safi, hakuna nafasi tupu. Maganda yalikuwa kumi na manne. Nikaandika mbili, mbili, mbili, hadi chini.

Juma la pili kumi na manne tena, na la tatu vivyo hivyo. Jumapili hiyo jioni nikamsomea daftari kwa sauti ya darasani. "Mama, kuku wako wamezoea kula mayai. Mawili kila siku. Kuku akishaonja yai, haachi."

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku. Ona, imeandikwa."

Nikamwambia kuna mnunuzi wa Goma angewachukua wote baada ya siku nane, Jumatatu, wakiwa bado na nyama. Akafuta mikono kwenye kitenge. "Bon. Kama karatasi inasema, uzisha tu, mutoto yangu."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amebeba kigoda akakiweka mbele ya banda. Nilidhani anawaaga, na nilimwonea huruma, lakini huruma yenyewe ilikuwa ya mtu aliye sahihi. Nikaenda shule. Niliporudi alikuwa bado pale, goti lake bovu amelinyoosha. Ilikuwa hivyo hadi Ijumaa, na mvua ya ziwani ilimkuta hapo hapo.

Jumamosi hakukaa pale, maana alikuwa Msabato. Asubuhi aliwapa kuku chakula na maji, akaenda kusali, akarudi jua likikaribia kuzama. Mimi Jumamosi zote huwa sokoni. Siku hiyo malaria ilinilaza, na mchana nikasikia vurugu bandani. Nikajikokota. Viota vilikuwa vimejaa mayai ya tangu asubuhi. Kuku wawili walikuwa wanagombania kiota kimoja, yai likapasuka, na wenzao wakakimbilia kwenye ute. Nikahesabu maganda kumi, na jua lilikuwa bado juu.

Hakuna aliyekuwa anaokota mayai Jumamosi. Kwake kuokota kulikuwa kuvuna, na Sabato havuni mtu. Hasara karibu yote ya juma ilikuwa ya siku moja, na mimi kwa kalamu yangu nilikuwa nimeitawanya kwenye siku saba.

Aliporudi nilikuwa nimeketi juu ya kigoda chake, natetemeka kwa homa. Nikamweleza. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Mi ningesema nini? We uliandika kila siku," alisema. "Ile siku zote nilikaa hapa, naangalia. Sikuona hata kuku moja inakula yai. Nikasema basi, macho yangu ndiyo imeisha. Niliogopa kukuambia, mutapata muzigo wa kipofu mu nyumba."

Nililia mbele yake kama mtoto, na sio homa iliyoniliza. Siku tano mama wa watu alikaa mvuani akilinda mayai ambayo hayakuwa yakivunjika, na badala ya kulitilia shaka daftari langu, akayatilia shaka macho yake.

Mnunuzi nilimrudisha. Nikachana zile kurasa za mbili, mbili, na kuanzia hapo nikahesabu kila jioni, nikaacha tupu pasipo na hesabu. Jumamosi nikawa naokota mimi, mara tatu, Mkristo wa Jumapili. Juma lililofuata nilimsomea safu ya hasara polepole: sifuri, sifuri, moja, sifuri, sifuri, moja, sifuri.

"Ile moja ya siku ya tatu," alisema, "iliniponyoka mu mukono. Niliiona vizuri kabisa."

"Najua, mama," nikamwambia. "Unaona vizuri kabisa."