Rafu ya Chupa Nne

Jina la Darubini alipewa na wateja wake, tena si kwa mapenzi. Msusi yule alikuwa haamini mtu. Ukiingia saluni kwake ukasema hujatia dawa ya kunyoosha nywele, alikushika kichwa, akapasua njia kwa kidole, akainama hadi pua ikagusa utosi wako, kisha akasema, "Ulitia. Labda mwaka juzi, lakini ulitia." Na kweli ulitia.

Kwa hiyo siku Mwalimu alipoingia na kitambaa kichwani, akaketi bila salamu na kukivuta mbele ya kioo, Darubini alianza kwa kumshuku yeye.

"Umekifanya nini kichwa hiki?"

"Nimefanya nini mimi? Kichwa nilikuletea wewe, dada. Miezi miwili naoshwa hapa, nasukwa hapa. Tazama kisogo!"

Darubini akatazama. Nywele za kipilipili za Mwalimu, zile ndogondogo zilizojikunja kama springi ya kalamu, mbele zilikuwa zimejaa. Kisogoni zilibaki vishungi vya urefu wa ukucha.

"Unalala na kitambaa cha pamba? Pamba inakunywa unyevu wote."

"Nalala na satini uliyoniuzia mwenyewe."

"Mtoto anakuchezea kichwa?"

"Mtoto yuko bweni. Usinizungushe. Jumamosi nakuja kuoshwa. Ukinipa sababu ya maana nitakaa. Ukikosa, naondoka, na chumba cha walimu kizima utakisalimia barabarani." Akajifunga kitambaa chake, akatoka.

Walimu tisa walisukwa pale. Tena hao tisa ndio waliomletea dada zao, wifi zao na mashoga zao. Darubini akaona saluni ikibaki na viti vitatu na redio.

Akaokota nywele zilizobaki begani mwa kiti, akazisogeza dirishani. Nywele iliyotoka yenyewe kwa kuwa muda wake umefika huja na kitone cheupe upande wa mzizi. Hizi hazikuwa nacho. Vipande tu, huku kumekatika na huku kumekatika. Basi hazikung'oka. Zilivunjwa.

"Kuna mtu," akasema peke yake.

Alianza na jirani wa saluni ya pili, yule anayecheka sana. Mwanamke anayecheka vile asubuhi ana jambo. Labda aliingia akatia kitu kwenye makopo? Darubini akanusa makopo makubwa ya stoo, moja moja. Akaonja na shampuu kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa shampuu, na alitema povu mpaka mchana.

Alhamisi akaja muuza viatu, naye akaoshwa nyuma ya pazia kama kawaida, akaja kukaa kitini asukwe. Darubini akamshika nywele. Juu zilimeremeta. Ndani zilikuwa kavu, zinakwaruza kama majani ya mahindi. Akachukua chupa ya kupulizia, akanyunyiza maji. Maji hayakuingia. Yalisimama juu ya nywele kwa vitone, yakateleza mpaka shingoni.

"Dada, unanilowesha," akasema muuza viatu.

"Nyamaza kidogo, mpenzi." Akafuta unywele mmoja kwa vidole viwili. Krimu nyeupe ikabaki kidoleni, haikuwa imeingia hata chembe, na chini yake utelezi wa mafuta. Mafuta chini, krimu juu! Mafuta hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kufunga mlango unyevu ukishaingia. Ukiyatanguliza umefunga mlango, unyevu uko nje unabisha.

Darubini akatazama pazia. Nyuma yake alikuwako mdogo wake, tumbo moja, aliyeacha kazi ya dobi miezi mitatu iliyopita akaja kumsaidia. Tangu kifundo cha mkono kianze kumuuma, Darubini hakuosha tena kichwa. Yeye alisuka tu. Mdogo wake ndiye aliyeosha.

Damu yake mwenyewe! Anaruka hatua ili awahi kukaa na simu. Au jirani amemwahidi kiti?

Alimsuka muuza viatu kwa vidole vilegevu, na Ijumaa, shangazi yao alipokuja kuoshwa, akajibanza kwenye upenyo wa pazia akachungulia.

Mdogo wake hakuwa na haraka wala simu. Alilowesha kichwa kwa maji ya vuguvugu. Akakigawa mafungu manne kwa vibanio. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua chupa ya kwanza, akapaka fungu moja, akaanza kuchana kwa chanuo pana, kutoka kwenye ncha akipanda taratibu kuelekea mzizi, kama alivyofundishwa. Lakini fungu lilijaa povu. Chanuo likakwama kisogoni, penye nywele nzito zaidi. Likalia *tak*.

"Aa! Polepole, mwanangu," akasema shangazi.

"Pole, shangazi. Nywele zako siku hizi zimekuwa kaidi."

Darubini akafungua pazia. "Unachana kichwa kwenye shampuu?"

Mdogo wake akaruka. "Si chupa ya kwanza?"

"Chupa ya kwanza ni kondishena! Nywele zinachanuliwa kwenye utelezi, shampuu inazikausha zikamatane! Nani amekuambia uchane kwenye povu?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema nifuate rafu. Ya kwanza, chana. Ya pili, osha ngozi. Rudi ya kwanza. Halafu ya tatu, halafu ya nne."

Chupa zile hazikuwa na maandishi, maana Darubini alizijaza mwenyewe kutoka makopo ya stoo. Akaitazama rafu. Ilikuwa na rangi mpya ya kijani. Miezi miwili nyuma aliipaka yeye, na rangi ilipokauka alirudisha chupa akizipanga kwa urefu, ndefu mwanzo na fupi mwisho, zipendeze. Shampuu ndefu ikawa ya kwanza, kondishena ikawa ya pili. Mafuta yakawa ya tatu, na kikopo kifupi cha krimu kikaishia mwisho.

"Na povu hukuliona?"

"Niliona. Nikakuuliza siku ileile. Ukaniambia, 'Fuata rafu, domo funga.' Nikadhani ndiyo mtindo mpya."

Shangazi, kichwa kikiwa na povu, akasema, "Kweli ulisema. Mimi nilikuwa hapo napaka kucha."

Darubini akalichomoa chanuo lililokwama, akachukua chupa ya pili.

Jumamosi Mwalimu alipokuja, Darubini alikuwa nyuma ya pazia, kifundo kimefungwa bandeji. "Sababu ni mimi," akasema, na akaeleza yote, na rangi ya kijani pia. Mdogo wake alisimama pembeni, midomo ameibana.

Mwalimu alimtazama jinsi anavyotazama daftari lililonakiliwa. Kisha akakaa. "Haya. Lakini kila chupa nainusa kwanza."

Basi Darubini akawa anamsogezea chupa moja moja puani. Kondishena, Mwalimu akanusa, akatikisa kichwa kukubali. Darubini akaipaka kwenye fungu moja lililolowa, akatengua mafundo kwa vidole, kisha chanuo, ncha kwanza, na fungu likisha akalisokota lisijifunge tena. Shampuu, Mwalimu akanusa. Ikaenda kwenye ngozi tu, kwa ncha za vidole, huku misokoto imetulia. Kondishena tena. "Hii nimeshainusa." "Inuse." Fulana kuukuu badala ya taulo, kukamua bila kusugua. Ncha zilizochanika akazipunguza kwa mkasi. Krimu nywele zikiwa bado na maji. Mafuta mwisho, kiasi cha kijiko.

"Na kusuka?" akauliza Darubini.

"Kusuka baada ya wiki nne. Zipumzike." Mwalimu akajifunga satini yake. "Hiyo rafu ipangwe na mdogo wako. Wewe ukiigusa, nitajua."

Jumamosi iliyofuata alirudi, na kabla ya kukaa akazinusa zote nne.