Wasiopanga Foleni Getini

Mama Nasma hakuwa mtu wa kupangwa foleni, na aliyedhani atampanga alikuwa hamjui. Jina lake Swaumu Awadhi, mwanamke wa Naipingo, msuka nondo. Ufundi wenyewe aliupata Ruangwa, hapo hapo kazini, kwenye jengo la nyumba za wafanyakazi ambalo likiisha ghorofa hili linaanza lile, na miaka sita imekatika.

Miaka sita analipwa kutwa! Akiugua, halipwi. Alipojifungua Nasma, alirudi kubeba nondo kitovu cha mtoto hakijakauka vizuri, kwa sababu kibarua hana likizo ya uzazi. Hebu niambie, huo ni ubinadamu?

Pale site palikuwa na desturi yao. Asubuhi vibarua wapya wanasimama nje ya geti, nyapara Mikidadi anawachagua kwa kidole: wewe, wewe, na wewe. Lakini Swaumu na wenzake wa zamani hawakuchaguliwa na mtu. Walipita moja kwa moja, wakamsalimia mlinzi, wakachukua koleo zao, kazi ikaanza. Hata yeye hakuwahi kuliwazia jambo hilo, mpaka siku walipomwendea meneja, Bwana Edwin, kudai mikataba ya kudumu.

"Nyinyi ni vibarua," akasema Bwana Edwin. "Kazi ya leo inaisha leo."

Kesho yake geti lilifungwa. Amri: wote foleni, wachaguliwe.

Ndipo Swaumu akaelewa mchezo. Akisimama kwenye ile foleni hata mara moja, amekubali kwa miguu yake kwamba kila siku anaanza upya. Akampigia Zena, dada wa chama cha wafanyakazi kule Lindi.

"Foleni usipange," Zena akamwambia. "Lakini nyumbani usikae, watasema mmetoroka kazini. Nendeni kila asubuhi, semeni mmekuja kazini. Mgogoro tunaupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi."

Basi wakawa wanakwenda. Wapya upande wa geti, wa zamani ng'ambo ya barabara. "Tumekuja kazini!" Swaumu anapaza sauti. Mlinzi anaangalia pembeni kwa aibu. Mikidadi anachagua watu bila kuinua macho. Mumewe Swaumu, Shaibu, alikuwa anamwuliza kila jioni kama kiburi kinapikwa. Akamjibu kwamba akirudi mle ndani kama kibarua, atazeekea mle kama kibarua. Moyoni lakini aliogopa, tena sana. Ufuta ulikuwa bado shambani, na unga ulikuwa wa kukopa.

Siku ya usuluhishi, Lindi, Bwana Edwin alikuja na tabasamu. Akatoa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Wenzake Swaumu wakapumua, kalamu zikaanza kutafutwa.

"Mikataba ya muda kama hii sheria imewawekea wataalamu na mameneja," Zena akasema.

"Na mimi miezi mitatu ikiisha narudi wapi?" Swaumu akamwuliza meneja. "Si pale pale nje? Sisaini ng'o!"

Kalamu zikarudi mifukoni. Msuluhishi akawapangia siku nyingine.

Asubuhi iliyofuata wakarudi ng'ambo ya barabara. Wapya walikuwa wengi, lakini wa kusuka nondo hakuwepo, na zamu ya kumwaga zege la ghorofa ilikuwa imekaribia. Bwana Edwin akatoka mwenyewe. "Mikidadi, chagua upesi!"

Mikidadi alinyanyua kidole, akakishusha. Akavuka barabara, akasimama kando ya Swaumu.

"We Mikidadi, umerogwa?"

"Bosi, mimi nalipwa kutwa kama hawa. Tangu msingi unachimbwa. Leo mimi nani kanichagua?"

Lahaula! Hata mlinzi alicheka. Swaumu alitaka kulia, akajizuia, maana kulia mbele ya macho ya meneja hakuwa tayari.

Bwana Edwin akazitazama nondo zisizosukwa, na jua linapanda. Mwisho akamwambia mlinzi afungue geti. "Haya, ingieni wote."

"Tunaingia kama nani?" Swaumu akauliza, na hakusogea hata kidole cha mguu.

 Meneja akatoa simu, akampigia Zena wapange siku ya kusaini.

Makubaliano waliyasaini Lindi mbele ya msuluhishi: mkataba usio na ukomo kwa kila mmoja, na utumishi uhesabiwe tangu siku yake ya kwanza kazini. Wa mwisho alikuwa Mikidadi. Kalamu ilimganda hewani, macho yamejaa machozi.

"Saini basi, baba," Swaumu akamwambia. "Unatuchelewesha kazini kwetu."