Maziwa ku Mufereji, Neno ku Fishi

Hapana, kumueleza muntu kosa yake siyo kubembeleza. Weye unasema muntu akiharibu kazi umuambie tu "unaharibu", abadirike ao aende. Sawa. Abadirishe nini? Neno kama ile, muntu anaibeba ku nyumba, analala nayo, asubuyi anarudi nayo vile vile, iko nzito na haina mukono wa kuishikia. Usiniambie sijui. Nilikuwa pale.

Pale ni ku milima ya Mushaki, mu nyumba yetu ya kutengeneza fromage, ile jibini ya maziwa. Nikifunga macho naona kwanza ukungu. Asubuyi milima haiko, ng'ombe haiko, kuko sauti tu za kengele ku shingo. Alafu bidon moja ya kubebea maziwa inatoka mu ule weupe, inang'aa, na chini yake kuko muntu. Kisha ingine. Bafugaji banakuja vile, sawa vile ukungu njo inawazaa, banajipanga mustari mbele ya meza ya kupokelea maziwa. Ndani, fromage zinalala ku mbao, za manjano, za mviringo, na harufu yao inaingia mu nguo mupaka watoto ku njia banakujua.

Mie nilikuwa mwenye kuandika ku komputa. Kila mwisho wa mwaka comité yetu inaomba fishi ya cotation, karatasi ya kupima kazi ya kila mufanyakazi: nini anafanya muzuri, nini abadirishe, na contrat yake ya kazi iendelee ao ikatike. Gérant, mukubwa wetu wa kazi, anasema, mie naandika. Gérant alikuwa papa wa kule kule, mutoto wa bafugaji wa ng'ombe, muntu wa mashati meupe na wa kucheka haraka.

Mwaka ule tukafika ku fishi ya dada wa kupokea maziwa. Yeye alitoka mbali, upande wa Walikale, karibu ya Mpofi. Kwao banajua mihogo, samaki ya mutoni na mafuta ya mawese. Maziwa alijifunzia kwetu. Siku yangu ya kwanza ya kazi nilifika nimelowa, nikitetemeka, na njo yeye alitosha koti yake ya mvua akanivalisha, yeye akabaki na mvua. Tangu pale ni dada yangu. Na dada yangu haguswake.

Gérant akasema, macho ku dirisha:

"Andika: mukaidi. Hana heshima. Hafae kufanya na bantu."

Vidole vyangu vikasimama.

"Mbona? Komputa imekufa?"

"Komputa iko muzima, Papa. Ni mie njo siandike."

"Weye ni nani usiandike?"

"Mie ni mwenye vidole."

Akacheka kidogo, lakini siyo kicheko yake. Akaniambia bafugaji bamoja baliacha kutuletea, sasa banauzisha maziwa pembeni ya barabara, na comité itamuuliza yeye, haitaniuliza mie.

"Basi tuandike ile," nikasema. "Bafugaji banaenda. Juu ya nini?"

"Juu hana heshima."

"Alifanya nini?"

"Anawadharau."

"Papa, alifanya nini na mikono? Alisema nini na kinywa?"

Akarudisha macho ku dirisha. Inje ukungu ilikuwa imeanza kupanda polepole, mulima mumoja ukatokea nusu, sawa vile muntu anatosha kichwa mu blanketi.

"Niliambiwa," akasema.

Ile neno ilinichoma. Nikapiga meza, nikasema mambo mingine sitayarudia hapa. Gérant akangojea nimalize.

"Sawa, bwana wa vidole. Andika yako. Comité inakaa siku ya posho, Jumamosi hii. Bila fishi ya kueleweka, contrat yake inakatika, na sitakuwa na kitu ya kumutetea."

Nikaandika saa ile ile, na hasira yote: *Dada ni mufanyakazi muzuri sana. Anajikaza. Anapenda kazi yake.* Nikamupa. Akasoma, akacheka, na sasa ilikuwa kicheko yake ya kweli.

"Yangu na yako ni ndugu, mama moja baba moja. Yangu inamutukana bure, yako inamusifu bure. Akiisoma hii yako, kesho asubuyi atafanya nini?"

Nilitaka kumuchukia na sikuweza, juu alikuwa na haki.

Kesho yake nikaenda kusimama ku mulango wa kupokelea maziwa, mbele mustari haujafika. Dada alikuwa anachemsha vitambaa vya kuchujia. Moshi ya maji na ukungu vilikutana juu ya kichwa yake na hukujua kipi ni kipi. Akaanza kupima. Anachota maziwa kidogo, anaitia mu kachupa ka kioo pamoja na alkoli kiasi kile kile, anaigeuza, anaiangalia ku mwangaza. Ikibaki laini inapita. Ikifanya punje punje, imeanza kuharibika, haiingie. Hapitishe bidon hata moja bila kupima, hata ya muntu mukubwa. Nikajisikia vizuri. Nikasema mu roho, ona, wenye kusema banasema uongo.

Alafu ikafika zamu ya mama mumoja muzee, mufugaji, kitenge kimefungwa ku mabega. Dada akapima. Punje.

"Hii imeharibika," dada akasema, kwa sauti ya kusikilika mupaka mwisho wa mustari. Akainua bidon na akaimwanga ku mufereji.

Maziwa ikashuka nyeupe mu majani meusi. Ilienda polepole. Bantu bote baliangalia chini. Ule mama akachukua bidon yake tupu, akaifunika na kitenge sawa vile unafunika uso wa muntu, akaingia mu ukungu.

Kwetu sisi ni balimaji, hatuna ng'ombe. Lakini nilikulia pembeni ya wenye nazo, na najua. Wale bantu, maziwa ikimwangika chini kwa bahati mbaya, wanaacha hata kuongea kidogo. Kumumwangia muntu maziwa yake mbele ya majirani ni kumumwanga yeye mwenyewe.

Mustari ulipoisha nikaenda kwake. Alikuwa anaosha kachupa.

"Dada, juu ya nini unaimwanga?"

"Juu nikiirudisha inarudia. Zamani nilirudisha, bakaitia mu bidon ya jirani, ikaingia, na fromage za mbao muzima zikavimba sawa vile mikate. Weye ulikula moja ukaumwa na tumbo, umesahau?"

"Sijasahau. Lakini banasema hauna heshima."

"Nani?"

"Acha nani. Njoo tuangalie nini."

"Ah. Weye pia sasa?" Akaacha kuosha. "Niliona unasimama ku mulango. Nikasema mudogo wangu amekuja kunisalimia. Kumbe ulikuja kunipima na mie."

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Nilikuwa nampenda ya kutosha kunyamaza. Nikamuambia yote: kitenge juu ya bidon, macho chini, nini maziwa iko kwa wale bantu. Alisikiliza, mikono mu maji.

"Kwetu Mpofi, kitu imeharibika unaimwanga," akasema kisha. "Nani aliniambiaka kama maziwa iko na uso?"

"Hakuna."

"Basi andika na ile."

Nikaiandika. Tulikaa na gérant mchana muzima, yeye anatosha neno, mie narudisha, fromage zinatusikiliza. Shida ilikuwa moja: irudishwe, itarudia kwa mulango ingine. Njo gérant akawaza dawa ya kugandisha, ile tunatiaka mu maziwa ya fromage. Tone kidogo mu bidon yenye kukataliwa, na mwenyewe akifika kwake, imeshaganda. Haiuzike tena kama maziwa mabichi, lakini iko yake. Atawapa nguruwe, ao atafanya vile anataka. Fishi ikatoka hivi:

*Kila asubuyi anachemsha vitambaa na anapima kila bidon bila kuchagua muntu. Tangu anafanya vile, fromage hazivimbe. Aendelee. Maziwa ikikataliwa, anaisema mbele ya mustari na anaimwanga ku mufereji. Kwa bafugaji ile ni matusi, na bamoja baliacha kuleta. Hakuna mwenye alimuelezaka desturi ile, kosa ni letu pia. Tangu sasa: amuite mwenye maziwa pembeni, amuonyeshe kachupa, amuambie nini ya kusafisha, atie dawa, amurudishie. Gérant atamupa meza ya pembeni na dawa. Kisha mwezi moja tutakaa naye tuone kama bafugaji banarudi.*

"Na mukaidi iko wapi?" gérant akauliza.

"Papa, ile utaipima na kachupa gani?"

Akatikisa kichwa. Lakini hakuirudisha.

Dada aliisoma mbele ya kutia mukono chini ya karatasi. Aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno.

"Fasi hii ya mufereji inauma," akasema.

"Najua."

"Inauma kuliko mukaidi. Mukaidi ningeitupa, ningesema wananichukia juu mie siyo muntu wa huku. Hii nitaitupa wapi? Ni mikono yangu." Akatia mukono. Akanirudishia kalamu bila kuniangalia, na siku ile hakuniongelesha tena.

Siku ya posho comité ikasoma. Bakasema contrat ingojee ule mwezi. Haikukatika, haikupona. Ililala katikati, na mie nayo.

Alafu asubuyi moja ule mama muzee akarudi. Sijui nani alimuambia nini. Alitoka mu ukungu na bidon yake ku kichwa, akasimama mwisho kabisa, sawa vile muntu anataka njia ya kukimbilia. Zamu yake ikafika. Dada akachota, akageuza kachupa, na mie ku dirisha nikaona uso yake inabadirika. Punje tena.

Bantu bakaanza kuangalia chini mbele hata maziwa haijamwangika.

"Mama," dada akasema, polepole, "kuja tuangalie pamoja huku."

Bakaenda chini ya paa, ku meza ya pembeni. Dada akainua kachupa ku ule mwangaza wa maziwa wenye ukungu unaleta. Vichwa vyao vikakaribiana. Punje zilikuwa zinashuka taratibu mu kioo, sawa vile mvua ya mawe kwa mbali. Nikasikia mama anasema:

"Ni mufuniko. Haba bajukuu haboshake mufuniko."

"Maji ya moto, mama. Na mufuniko, na shingo ya bidon."

"Nitabapiga."

"Uboshe kwanza, alafu ubapige."

Mama akacheka. Dada akatia tone ya dawa, akafunga, akamusaidia kuinua bidon ku kichwa. Ikaenda imejaa. Mustari wote uliitazama mupaka ukungu ikaimeza, na muntu mumoja nyuma akaanza kuongea bei ya viazi, na kila muntu akapumua.

Mwezi ulipoisha, tulikaa naye vile tulisema. Bafugaji bengi balikuwa bamerudi, siyo bote. Contrat ikaendelea. Dada akaniita mudogo tena, lakini kwanza alinipiga kofi ku mugongo, ya nguvu, ile nilistahili ao sikustahili, sijui. Na mwaka wenye ulifuata, nikiwa nimeweka vidole ku komputa, gérant alifungua kinywa juu ya mulinzi wetu, akasema "ni muv…", akafunga. Akachukua koti yake ku musumari.

"Ngoja," akasema. "Nikaangalie kwanza."

Akatoka, shati yake nyeupe ikapotea mu ule weupe.

Sasa weye mwenye unasema "unaharibu" inatosha: ile neno uliandika juu ya muntu mara ya mwisho, uliiona na macho, ao uliambiwa tu?