Tano Zetu kwa Tatu Zao

Mjomba wangu ndiye aliyenisomesha. Baba alipofariki nikiwa darasa la sita, mjomba alikuja nyumbani kwetu Kikoneni, akamwambia mama, "Dada, huyu niachie mimi." Ada yote ya shule hadi chuo kikuu ilitoka mfukoni mwake. Nilipomaliza masomo ya uhasibu, akanichukua kwenye kampuni aliyokuwa mkurugenzi wake mkuu, kampuni ya kusindika nazi yenye kiwanda karibu na Msambweni. Miaka ikaenda, nikawa mkuu wa hesabu. Watu walinong'ona kuhusu undugu wetu, nami nikafanya kazi maradufu ili wanyamaze.

Hisa zetu zilikuwa zikiuzwa Nairobi kwenye soko la hisa. Siku zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza, mjomba alizunguka vijijini akiwahimiza watu wetu wanunue. Mama aliuza ng'ombe wawili akanunua. Wafanyakazi wengi wa kiwandani nao walinunua.

Kisha ikaja kampuni ya bara ya sabuni na mafuta ya kupikia, nayo imo sokoni, ikitaka tuungane. Hawakuja na fedha taslimu. Wenye hisa zetu wangezirudisha na kupewa hisa mpya za kampuni ile, na kampuni yetu ingemezwa na yao. Kwa hiyo jambo lote lilikuwa hesabu moja: hisa ngapi zetu kwa ngapi zao.

Hisa yetu ilikuwa shilingi ishirini sokoni, yao thelathini. Wao walikuwa na hisa milioni mia moja, sisi milioni hamsini. Maana yake sisi tulikuwa na thamani ya bilioni moja, wao bilioni tatu. Na kulikuwa na kitu cha tatu, ambacho ndicho kilichowaleta: tukiwa pamoja, gharama zingepungua. Ghala moja badala ya mawili, malori yale yale, nazi zikinunuliwa kwa pamoja. Akiba hiyo ya miaka yote ijayo, kwa thamani ya leo, pande zote mbili tuliikadiria kuwa milioni mia nne. Hiyo ndiyo faida ya kuungana, na haikuwa ya mtu bado.

Nilikaa na mjomba ofisini kwake tukapanga. Nikamweleza kwamba wakitupa hisa mbili kwa kila tatu zetu, tutakuwa tumebadilishana kwa bei ya soko. Tutamiliki robo ya kampuni mpya na robo ya akiba, yaani milioni mia. Lakini akiba haiwezi kupatikana bila sisi, kwa hiyo tuanze kwa kudai nne zao kwa tano zetu.

"Na tukishuka?" akauliza.

"Mbili kwa tatu ndiyo sakafu, mjomba. Chini ya hapo tunawapa mali yetu."

Akanipiga begani. "Sakafu ni hiyo. Wallahi hatushuki."

Mazungumzo yalifanyika kwenye hoteli moja ya Diani, kwenye chumba chenye baridi kali ya kiyoyozi. Asubuhi yote tulivutana vizuri. Wao walianza chini, sisi tukashikilia juu, na kabla ya chakula cha mchana nilihisi wanakaribia sakafu yetu. Mwenyekiti wao akamwomba mjomba watembee kidogo ufukweni, wawili tu. Mimi nilibaki na mhasibu wao, kijana mchangamfu wa Nairobi, tukinywa kahawa.

"Basi tukishaungana tutakuwa tunamwona uncle wako kila siku," akaniambia. "Si atakuwa bosi wetu wote? Hiyo ilisemwa kitambo."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Bosi wa nani?"

Akaona uso wangu, akakiangalia kikombe chake. "Pole. Nilifikiri unajua."

Mjomba alirudi na mchanga kwenye viatu. Hakuketi. Akasema wamekubaliana: hisa tatu zao kwa tano zetu.

Hapo hahitajiki mtaalamu. Tano zetu ni shilingi mia. Tatu zao ni tisini. Hata akiba yote ikipatikana kama ilivyokadiriwa, kwa uwiano huo sisi tungeambulia kama milioni kumi na tano kati ya zile mia nne. Zilizobaki zote zingekuwa zao. Na akiba isipopatikana, wao wangali wanafaidika, sisi tuna hasara ya milioni sabini na zaidi. Wakati wa kuwatisha kwamba tunaondoka ulikuwa ule. Mjomba hakuondoka kwa sababu alikuwa ameshafika anakokwenda.

Nilimfuata hadi kwenye maegesho.

"Mjomba, tulisema sakafu."

"Mpwa wangu, kampuni ndogo haiishi peke yake. Hisa zao zitapanda, watu wetu watashukuru."

"Zikipanda, zitapanda kwa akiba inayotoka kwetu. Na wewe umepewa nini?"

Akafungua mlango wa gari taratibu. "Nani alikulipia ada?" akauliza. Hakupandisha sauti. Akaondoka.

Wakurugenzi wenzake walimfuata. Mshauri aliyeajiriwa kukagua uwiano alisema ni wa haki, akitumia wastani wa bei ya mwaka uliopita, ambapo bei ya hisa yetu ilikuwa imelala chini. Tangazo lilipotoka, hisa yao ilipanda na yetu ikashuka siku hiyo hiyo. Wanunuzi wa Nairobi walikuwa wamepiga hesabu niliyoipiga mimi. Cheo kipya cha mjomba kiliandikwa wazi kwenye waraka wa wenye hisa, na hakuna aliyejali.

Kabla ya mkutano wa wenye hisa kupiga kura nilikwenda Kikoneni. Nikamweleza mama polepole, nikampangia nazi uani, tano upande huu, tatu upande ule, nikamwambia hizi tatu ni kubwa kidogo, lakini si kubwa vya kutosha. Alielewa. Kisha akasema, "Mwanangu, yule ni ndugu yangu wa tumbo moja. Mimi nikinyoosha mkono kumpinga mbele ya watu wa bara, nitaishi wapi?"

Ilihitajika robo tatu ya kura. Ukumbi wa Ukunda ulijaa watu wetu waliovaa kanzu na buibui zao nzuri. Nilisimama nikasema kwamba uwiano huu unawapa wao karibu faida yote. Mjomba akajibu kwa Kidigo, lugha yetu ya nyumbani, akawakumbusha nani aliwaingiza kwenye hisa. Walicheka, wakapiga makofi. Mama alitia alama ya ndiyo bila kuniangalia. Kura zikatosha, tena zikazidi.

Akiba ilipatikana, hilo sikatai. Sehemu kubwa yake ilikuwa kiwanda cha Msambweni. Nazi zetu sasa hukamuliwa kwenye kiwanda chao, na wale wafanyakazi walioshangilia ukumbini walipewa barua za kuachishwa kazi kwa makundi. Yangu ilikuja na kundi la kwanza. Hisa mpya ilipanda kidogo, kwa hiyo mama hakupata hasara ya kuonekana, na hilo ndilo mjomba hulisema kila akiulizwa.

Siku hizi nafanyia hesabu maduka ya Ukunda. Kwenye Idi ya mwaka huu mjomba alikuja Kikoneni na gari jeupe na mchele wa magunia. Mama akampokea, akampikia. Niliinama nikasema, "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu," akajibu, kwa sauti ile ile aliyoapa nayo ofisini.

Chakula kilipoletwa, nilisema nina wateja, nikatoka. Siku ya Idi hakuna duka linalofunga hesabu. Mama alijua, na hakunizuia.