Idadi Sawa, Tarehe Tofauti

Je, kama aliyekosea ni mimi? Swali hilo lilinikosesha usingizi kwa siku tatu, kwa sababu nilitamani mno awe amekosea yeye.

Yeye alikuwa mkuu wa TEHAMA kwenye kituo cha afya cha Bagamoyo nilikopata mkataba baada ya chuo. Tulikuwa tunahamisha rejesta ya chanjo za watoto kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Mfumo huchukua tarehe ya kuzaliwa, hupiga hesabu ya tarehe ya kila chanjo, kisha humtumia mama ujumbe. Kazi yangu ilikuwa kuhakiki kwamba kilichofika ndicho kilichotoka. Yeye alitaka saini yangu tu.

Nilipomwambia kwamba kulinganisha idadi ya mistari hakutoshi, aliwaita wauguzi waje wasikie.

"Mistari ya kule na ya huku iko sawa, haujapotea hata mmoja," aliwaambia. "Profesa wetu hajaridhika, anataka tuhesabu na nukta."

Walicheka, na mimi nikacheka. Kuanzia hapo hata muuza chapati wa getini akaniita Profesa, na kila aliponiita niliongeza kitu kwenye hotuba niliyokuwa nikimtungia mkuu kichwani.

Idadi inakuambia watoto wote wamehama. Haikuambii kama wamehama na taarifa zao. Kwa hilo kuna cheksam: programu inasoma jedwali lote na kulitolea alama moja ndefu ya herufi na tarakimu. Ikibadilika tarakimu moja ndani ya jedwali, alama nayo inabadilika. Nilizitoa alama mbili, ya zamani na ya mpya. Hazikufanana.

Nilifurahi kwa dakika moja, kisha nikaanza kujitilia shaka. Alama hutofautiana hata kwa upuuzi: nafasi tupu mwishoni mwa jina, mistari iliyopangwa kivingine, tarehe iliyoandikwa kwa mtindo mwingine. Nikirukaruka na kosa langu mwenyewe, nitaitwa Profesa mpaka nizeeke. Nikarudia. Nikapanga mistari yote kwa namba ya kadi, nikafuta nafasi tupu, nikaandika tarehe zote kwa kuanza na mwaka. Halafu nikatoa alama ya kila safu peke yake. Majina yalilingana. Vijiji vililingana. Tarehe za kuzaliwa zilikataa.

Nikazifungua mstari kwa mstari. Mtoto wa tarehe tano Februari amekuwa wa tarehe mbili Mei. Wa tarehe ishirini Februari yuko salama, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini. Nikaelewa. Mkuu alikuwa na tabia ya kufungua kila faili kwenye kompyuta yake "kulisafisha" kabla ya kulipakia, na kompyuta yake inasoma mwezi kwanza.

Keshokutwa wageni wa wilaya walikuwa waje kushuhudia mfumo wa zamani ukizimwa. Nikapanga ninyamaze. Auzime, apigiwe makofi, ndipo ninyooshe mkono kwa adabu. Nilijua hata blauzi nitakayovaa.

Asubuhi yake muuguzi wa chanjo, mama wa makamo, aliniwekea karatasi mezani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku ameshaanza kueleza. Ilikuwa orodha ya watoto wa Mlingotini waliofikisha miezi tisa ya chanjo ya surua, imetoka mfumo mpya, na kesho yake alikuwa anaipeleka huko pamoja na kisanduku cha baridi.

"Mwanangu, mimi mambo yenu siyajui," alisema. "Niende nayo?"

Nikamtafuta yule wa tarehe tano Februari. Miezi tisa yake ilikuwa imeshatimia. Kwenye orodha hakuwemo, na kwa hesabu ya mfumo mpya angesubiri miezi mitatu hivi zaidi bila kinga.

Nilimwambia asiende nayo, achapishe ya mfumo wa zamani. Kisha nikapiga hesabu zangu upya. Sikuwa tayari kumsamehe mkuu. Nilichoacha ni kusubiri wageni.

Saa nane tulikaa kikao cha kutia saini: mkuu, daktari mfawidhi, muuguzi na mimi. Mkuu alinisogezea fomu bila kunitazama.

"Weka saini, Profesa, watu wana kazi."

Nilitandaza karatasi za alama mbele ya mfawidhi, nikasoma tarehe kumi, moja baada ya nyingine, ya mfumo wa zamani kisha ya mfumo mpya, polepole kuliko ilivyohitajika. Mkuu alianza kusema kuhusu idadi ya mistari. Nikamwambia idadi iko sawa kabisa, haujapotea hata mmoja. Muuguzi aliinamisha uso, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Pale pa saini niliandika "Haijathibitishwa, mfumo wa zamani usizimwe", nikaeleza sababu chini yake pamoja na jina la kompyuta iliyosafisha faili, nikamrudishia fomu.