Siku Niliyomzawadia Mama wa Mbegu

Nimekuwa nikichapa hati za ardhi katika ofisi ya wakili mmoja hapa Nyeri tangu mwaka wa 1998, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyenifundisha jambo lolote kuhusu tarehe. Mimi ndiye niliyefundisha wengine. Wakili mwenyewe akitaka kujua mkataba unaisha lini, huinua kichwa na kuniuliza badala ya kuangalia kalenda iliyo ukutani mbele ya macho yake. Nasema haya mapema ili ujue nilianguka kutoka wapi.

Mwanzoni mwa Februari 2024 aliingia mama mmoja mwenye duka la mbegu karibu na soko. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, na moyo wake ulikuwa umechoka. Alikuwa amepangiwa kupasuliwa Nairobi tarehe moja Machi. Kabla ya siku hiyo alitaka ploti ya duka iandikwe jina la binti yake, mtoto wake wa pekee, ambaye ndiye anayeliendesha. Shemeji zake walikuwa wameshaanza kupita pale dukani kumjulia hali, na wakimaliza kumjulia hali wanapima uwanja kwa hatua. Akifia kwenye meza ya daktari kabla ya jina kubadilishwa, binti angebaki mahakamani na baba zake wadogo mpaka azeeke. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kazi hiyo ni ya siku tatu.

Ploti yenyewe ni ya kukodishwa na serikali kwa miaka tisini na tisa, kuanzia tarehe moja Machi 2001. Hati ilisema muda unaisha tarehe 29 Februari 2100. Siku hizi mambo haya hujazwa kwenye kompyuta, kwa hiyo nikajaza. Kisanduku kikawa chekundu. Nikajaza tena, nikigonga kwa nguvu zaidi, ukawa wekundu uleule. Nikijaribu 28, mashine inasema haifanani na hati. Nikirudi kwa 29, inasema tarehe hiyo haipo. Ati haipo!

Nilipanda hadi ofisi ya ardhi nikiwa nimejaa hasira. Msajili ni msichana mtaratibu, umri wa kifungua mimba wangu. Nikamweleza kwamba mtambo wao ni mgonjwa: 2100 inagawanyika kwa nne bila kubaki kitu, basi ni mwaka mrefu, basi Februari ina siku ishirini na tisa. Hata mtoto wa darasa la nne anajua.

“Madam,” akasema, “na ukigawanya kwa mia nne?”

Nikagawanya. Ilikataa.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Dunia huzunguka jua kwa siku 365 na karibu saa sita. Saa hizo sita zikiachwa, kila miaka minne kalenda inalitangulia jua kwa siku moja nzima, ndiyo maana tunaiongeza Februari. Mpaka hapo nilikuwa naye. Lakini si saa sita kamili. Zinapungua kama dakika kumi na moja. Kwa hiyo kila tukiongeza ile siku, tunazidisha kama dakika arobaini na nne. Zikirundikana miaka mia nne, zinakuwa kama siku tatu za ziada. Zikiachwa tu, baada ya karne nyingi mvua tuliyozoea kuipandia Machi itakuwa inatukuta Februari na majembe yakiwa bado stoo.

Basi wakubwa wa kalenda waliamua kuzitoa hizo siku tatu mahali ambapo ni rahisi kukumbuka. Mwaka unaofunga karne haupewi ile siku, isipokuwa ukigawanyika kwa mia nne. 1700, 1800 na 1900 zilinyimwa. 2000 ikapewa. 2100, 2200 na 2300 zitanyimwa, mpaka 2400.

Dakika kumi na moja! Ofisini kwetu chai ya saa nne pekee inakula mara tatu ya hizo, na hakuna anayebadilisha kalenda. Lakini hesabu yake ilikuwa sawa. Nilikuwa nimeuona mwaka mmoja tu wa kufunga karne maishani, 2000, na nao ndio ule uliosamehewa. Ulinidanganya mchana kweupe.

Msajili akasema kosa linaweza kurekebishwa, ila aletewe kiapo cha yule aliyeiandika hati, kikieleza alikosea vipi. Nikarudi ofisini nikimlaani mtu huyo mbele ya mama wa mbegu, aliyekuwa ananisubiri kwenye benchi. Nikasema kuna watu walipewa mashine za kuchapa badala ya jembe. Mama akaitikia kwa kichwa tu, kwa heshima, akaniacha nimalize.

Kisha nikaenda stoo kumtafuta mtu huyo kwenye nakala iliyobaki ofisini kwetu, nikaifungua ukurasa wa mwisho. Sisi wachapaji huweka herufi za majina yetu chini kabisa, pembeni, ili ijulikane kazi ni ya nani. Zilikuwa zangu. Nilitamani ardhi ipasuke, ya kukodishwa au ya kununuliwa, nisingejali.

“Mama,” nikasema, “ni mimi.”

“Najua,” akasema. “Siku ile ukiichapa nilikuwa nimekaa hapa hapa. Ulihesabu na vidole, ukaniambia, mama, uko na bahati, mwaka wa mwisho ni mrefu, umepewa siku moja ya bure. Nikaenda nikamwambia mzee wangu. Tulicheka sana. Kila akinikasirisha namwambia, wewe ngoja tu, mimi niko na siku yangu.”

Niliona haya, na nilitaka kulia. Miaka ishirini na tatu alikuwa ametunza siku ambayo haikuwahi kuwepo.

Kiapo nilikichapa mwenyewe. Wakili alinisomea kwa sauti, bila haja yoyote, ile aya inayosema kwamba mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, niliamini kila mwaka unaogawanyika kwa nne ni mrefu. Ofisi nzima ilisikiliza. Kazi ya siku tatu ikachukua majuma matatu, na tarehe 28 Februari jioni bado hati haikuwa imetoka. Katika mwaka wa kawaida, kesho yake ingekuwa ndiyo Machi mosi. Lakini ulikuwa 2024. Kesho yake ilikuwa tarehe 29, Alhamisi, na saa tano asubuhi msajili akanipigia kwamba ploti imeandikwa jina la binti. Nikampigia mama, akiwa njiani kwenda Nairobi.

“Kumbe umenirudishia siku yangu,” akasema.

Hakuamka kutoka kwenye ile meza ya daktari. Tulimzika juma lililofuata.

Shemeji wawili walikuja ofisini hata maua ya kaburini hayajanyauka. Walikuwa wamesikia mjini kwamba hati ya marehemu ilikuwa na tarehe ya Februari isiyokuwepo. Nikawatolea hati mpya. Mkubwa wao akapitisha kidole mpaka kwenye tarehe ya usajili, akasimama hapo, akamtazama mwenzake kwa furaha. Ishirini na tisa Februari, akasema, si ndiyo hiyo tuliambiwa haipo?

“Hiyo ipo, mzee,” nikamwambia. “Niliishi ndani yake kuanzia asubuhi mpaka jioni. Na marehemu pia.”