Rangi ya Njano Isiyoonekana

Kabla ya homa ya uti wa mgongo, Sada Muharami alikuwa mfasiri anayetegemewa mjini Bukoba. Mashirika ya afya yalimletea vipeperushi vya Kiingereza naye akavirudisha kwa Kiswahili ambacho mama wa kijijini angekisoma bila kukwama. Alifanyia kazi nyumbani kwake mtaa wa Bilele, katika chumba ambacho marehemu mumewe alikuwa akiwekea mizigo ya duka.

Homa ilimwachia uhai, lakini iliondoka na kitu. Daktari alimweleza kwamba macho yenyewe ni mazima. Ni ubongo ambao hauhimili tena mwanga. Akikaa mbele ya kompyuta kwa muda mfupi tu, kichwa kilianza kupasuka upande wa kulia, kisha kichefuchefu kikamlaza hadi jioni. Alipunguza mwanga, akavaa miwani ya giza, akafunga mapazia. Haikusaidia. Binti yake, Rahima, akawa anamsomea naye anatamka tafsiri, mpaka Rahima alipokwenda chuo Mwanza. Tangu hapo Sada alikaa bila kazi. Watu walipomuuliza kazi inaendeleaje, alisema anapumzika.

Kaka yake Riyadhi, aliyeko Dar es Salaam, ndiye aliyesikia habari za skrini ya wino. Aliagiza moja kutoka nje, akaituma kwa basi. Ilikuwa nyembamba, ukubwa wa karatasi ya kuandikia, nayo ilipowashwa haikutoa mwanga wowote. Herufi zilikaa juu yake kama zilizochapwa.

Fundi Ismael, mwenye duka la kompyuta karibu na soko, alikuja kuifunga. Hakuwahi kuishika ya namna hiyo, akasoma maelezo taratibu kabla ya kugusa waya. Aliiunganisha na kompyuta ya Sada, akaizima skrini ya kompyuta yenyewe, akasogeza meza dirishani. Alieleza kwamba skrini hii haina taa ndani, hivyo inahitaji mwanga wa chumba kama kitabu.

Sada, ambaye alikuwa ameishi gizani muda mrefu, alifungua pazia nusu. Akasoma aya nzima. Akasoma nyingine, akisubiri kichwa kianze. Hakikuanza. Alitoka nje, akasimama uani peke yake, na Ismael akajifanya anahangaika na nyaya mpaka aliporudi.

Skrini hiyo ilikuwa na hali mbili za kutumia. Ya kusoma ilionyesha weusi, weupe na kijivu cha viwango mbalimbali, maandishi yakawa laini, lakini kila kitu kilichelewa: ukipiga herufi, inatokea baada ya kidole kuondoka. Ya kuandika ilikuwa nyepesi, herufi ikifuata kidole, ila ilijua weusi na weupe tu. Na kadiri ilivyoharakisha, ndivyo ilivyoshindwa kufuta vizuri. Maneno yaliyoondolewa yaliacha vivuli hafifu chini ya mapya.

Siku za mwanzo vivuli hivyo vilimsumbua. Alifuta mstari, akauona bado upo, akafuta tena, kumbe anafuta mstari uliofuata. Ismael alimwonyesha kitufe cha pembeni: ukikibonyeza, skrini nzima inageuka nyeusi, kisha nyeupe, kisha ukurasa unarudi safi. Akamshauri asivute ukurasa polepole kwenda chini, bali aruke ukurasa mzima kwa mkupuo, kwa sababu kuvuta ndiko kunakoacha uchafu mwingi. Akazima pia kupepesa kwa kile kijistari cha kuandikia, akakuza herufi. Sada aliomba weusi ukolezwe. Ismael akaukoleza hadi mwisho, na wote wawili wakaridhika.

Kazi zilirudi. Ya kwanza ilitoka kwa shirika moja lenye ofisi Muleba: kipeperushi cha kuwafundisha wazazi kuchanganya dawa ya unga ya watoto. Mhakiki wake alikuwa Annastella Rutaihwa, muuguzi wa Izimbya ambaye walishirikiana naye miaka mingi kabla ya homa. Annastella alikuwa na utaratibu wake. Neno lililokosewa alilipiga mstari katikati. Neno alilolitilia shaka alilipaka rangi ya njano.

Sada aliliona kila neno lililopigwa mstari, akarekebisha. Akapitia upya mwanzo hadi mwisho, akaona ukurasa umetulia, akautuma kwa mratibu kule Muleba, Bwana Lwakatare, akimwambia ni wa mwisho. Kipeperushi kikachapwa.

Annastella alikikuta kwenye meza ya zahanati anakofanyia kazi. Kilikuwa kimeandikwa mtoto apewe kijiko kimoja. Hapo ndipo alipokuwa ameweka njano, kwa kuwa nyumbani kuna kijiko cha chai na kijiko cha chakula, na mama hatajua ni kipi. Alivikusanya vyote kabla wagonjwa hawajaitwa, akampigia Lwakatare azuie vilivyobaki, kisha akapanda gari kwenda Bukoba.

Alipofika Bilele hakusubiri chai.

“Mama Rahima, waitu, ndugu yangu, mbona uliziacha njano zangu?” aliuliza.

“Njano zipi, Sista?”

Annastella alifungua faili kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaiweka kando ya skrini ya wino. Sada aliichungulia kwa kukunja uso, mara moja tu, akageuka. Ilimtosha. Neno “kijiko” lilikuwa limezungukwa na njano inayowaka. Kwenye skrini yake, mahali palepale, palikuwa peupe.

Walimwita Ismael. Alijaribu mbele yao. Katika hali ya kuandika, njano ilihesabiwa kuwa nyeupe, ikapotea kabisa. Katika hali ya kusoma nayo haikutokea, mpaka alipopunguza ule weusi alioukoleza, kwani kukoleza kulikuwa kumegeuza rangi zote hafifu kuwa nyeupe. Ndipo kikaja kijivu chepesi, kama maji ya majivu. Fundi alisema kosa ni lake, angepaswa kujaribu rangi. Sada akamkatiza.

“Wewe ulifunga mashine. Aliyesema ni ya mwisho ni mimi.”

Alasiri hiyo walipanga upya. Annastella ataweka shaka zake ndani ya mabano, kwa herufi nzito, hata kama ni herufi moja. Sada ataandika kwa hali ya haraka, lakini kusoma kwa mwisho kutakuwa kwa hali ya taratibu, weusi wa wastani, akisafisha skrini kila ukurasa.

Annastella alitaka yaishe hapo. Hakuna mtoto aliyedhurika, alisema, na Lwakatare hakuhitaji kujua zaidi ya kwamba neno limerekebishwa. Sada alikataa. Hakuwa amemwambia mteja yeyote kuhusu homa ile, akiogopa kuhurumiwa kisha kusahauliwa. Sasa alichukua simu, akampigia Lwakatare, akamweleza yote: ugonjwa, skrini, njano.

Lwakatare alisikiliza, akamshukuru kwa ukweli, akaomba muda. Jibu lilikuja baada ya vipeperushi vipya kuchapwa. Kazi za vipimo vya dawa zitafasiriwa na mtu mwingine. Sada angeendelea na zile za lishe, usafi na malezi.

Alimwambia Annastella habari hizo kwa sauti ya kawaida. Annastella alipoanza kumlaumu Lwakatare, Sada alisema, “Mwache. Hata mimi ningefanya hivyo.”

Lakini iliuma. Vipeperushi vya dawa ndivyo alivyovionea fahari zaidi, na hakuna aliyemwahidi kwamba vitarudi.

Kesho yake asubuhi alivuta kiti dirishani. Mvua ya ziwani ilikuwa imepita, mwanga ulikuwa wa kutosha. Alifungua maandishi mapya, kuhusu uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, akapitia ukurasa wa kwanza polepole, akausafisha, akaanza kuandika.